Transfoma ya Jengo Jipya: Joto, Mota na Miaka Kumi Ijayo

Kwenye majengo mengi ya biashara swali la transfoma huja mwisho. Ramani imeshapitishwa, msingi umeshamwagwa, lifti imeshaagizwa, ndipo mwenye mali anapouliza: tuweke transfoma ya ukubwa gani? Jibu la haraka hupatikana kwa kujumlisha kilowati za kila kifaa, kuongeza robo "ya usalama", kisha kuchukua saizi inayofuata dukani. Njia hiyo ina kasoro mbili kwa mpigo. Yaweza kumtia mwenye jengo kwenye gharama ya transfoma kubwa asiyoihitaji, na bado baada ya kuhamia, taa zikawa zinafifia kila mota kubwa inapowaka.

Sababu ni kwamba transfoma hujibu maswali matatu ambayo hayapimwi kwa saa moja. Mzigo wa kila siku huipasha joto, na joto hilo hujengeka kwa saa nyingi. Mota inayowaka huivuta kwa sekunde chache tu. Haina muda wa kuipasha joto, lakini hushusha volti za jengo zima. Ukuaji wa biashara nao huja kwa miaka. Anayeyachanganya maswali haya kwenye jumla moja hawezi kujua ni lipi limemlazimisha kununua kubwa.

Tuchukue jengo la mfano, la aina inayoonekana Kariakoo na pembezoni mwake: ghorofa sita, maduka chini na ghorofa ya kwanza, ofisi juu yake, mgahawa, lifti mbili, pampu za maji, na mtambo mmoja mkuu wa ubaridi juu ya paa, ule ambao mafundi huuita chila. Umeme unaingia kwa msongo wa kilovolti 11, na transfoma inaushusha hadi volti 400 kati ya fezi na fezi, yaani volti 230 kwenye soketi ya kawaida.

Maduka yote kwa pamoja yameorodheshewa kilowati 120: taa, friji, viyoyozi vidogo vya ukutani. Ofisi zina kilowati 60 za taa, kompyuta na vifaa vya kuchapia, kwa kuwa ubaridi wake unatoka kwenye chila. Jiko la mgahawa lina 30. Taa za korido, ngazi na maegesho ni 10. Chila inavuta 80, feni na pampu zinazoendana nayo 20, lifti mbili 22, pampu ya maji 15. Ipo pia pampu ya moto ya kilowati 37, ambayo Mungu akipenda haitafanya kazi siku yoyote isipokuwa siku za majaribio. Ukiacha hiyo ya moto, jumla ni kilowati 357.

Jengo hili halitavuta kilowati 357 hata siku moja. Friji ya duka huwaka na kuzima yenyewe. Lifti hufanya kazi dakika chache, ikasimama. Mgahawa hupamba moto jioni, wakati ofisi zimeshafungwa. Kwa hiyo mhandisi hulipa kila kundi sehemu yake ya uhalisia. Maduka hupewa asilimia 60 ya orodha yake, ofisi na jiko asilimia 70, chila na feni zake asilimia 90 kwa sababu mchana wa Januari hazipumziki, lifti na pampu ya maji asilimia 60, na taa za korido asilimia 100. Ukifanya hivyo unabaki na kilowati 257. Kisha, kwa kuwa makundi yenyewe hayafiki kileleni saa ileile, unapunguza asilimia 10 nyingine, na inabaki kama kilowati 231.

Asilimia hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Huzalishwa na vipimo vya majengo yaliyokwisha kutumika, na mhandisi mwaminifu atakuonyesha amezitoa wapi. Njia bora kuliko zote ni kufunga kifaa cha kurekodi mzigo kwenye jengo linalofanana na lako, kwa wiki nzima, ndani ya miezi ya joto. Dar es Salaam hiyo ni kuanzia Novemba mpaka Machi. Ukipima Julai utapata takwimu nzuri ambazo zitakuangusha Januari.

Transfoma haiuzwi kwa kilowati, inauzwa kwa kilovolti-ampea, zinazoandikwa kVA. Mota na kompresa huvuta mkondo zaidi ya ule unaogeuka kuwa kazi, na koili za transfoma hupata joto kutokana na mkondo wote, wenye kazi na usio na kazi. Uwiano kati ya kilowati na kVA ndio pawa fakta. Kwa jengo lenye mota kama hili, 0.85 ni kadirio la haki. Gawanya 231 kwa 0.85, unapata kVA 272. Ukifunga kapasita kwenye bodi kuu na kupandisha pawa fakta hadi 0.95, mzigo uleule unashuka hadi kVA 243. Faida yake haiishii kwenye transfoma, kwa sababu wateja wakubwa hutozwa pia kwa kilele cha kVA walichofikia ndani ya mwezi. Hata hivyo tuendelee na 272, tukichukulia kwamba siku moja kapasita zitaharibika na hakuna atakayegundua kwa miezi kadhaa. Hutokea mara nyingi.

Saizi zinazozalishwa kwa kawaida ni 100, 200, 315, 400, 500, 630, 800 na 1,000. Anayetazama 272 atasema basi 315 inatosha. Hapa ndipo joto la pwani linapoingia kwenye hesabu.

Kibao cha transfoma kinaposema kVA 315, kinasema hivyo kwa masharti. Viwango vya kimataifa vya IEC vinachukulia kwamba hewa inayoizunguka haizidi nyuzi 40 wakati wowote, na kwamba wastani wake kwa mwaka mzima ni nyuzi 20. Wastani wa mwaka wa Dar es Salaam ni kama nyuzi 26. Sita hizo za ziada si chache. Ndani ya transfoma ya mafuta, koili zimefungwa kwa karatasi, na karatasi hiyo ndiyo umri wa transfoma. Kwa karatasi ya kawaida, kila nyuzi 6 zinazoongezeka kwenye sehemu ya joto kali kuliko zote huongeza kasi ya kuzeeka mara mbili. Mwongozo wa IEC wa upakiaji unaonyesha kwamba transfoma inayopozwa na hewa tu, ikiwa kwenye wastani wa nyuzi 30, ibebe mfululizo kama asilimia 91 ya kilichoandikwa. Kwa nyuzi 26 ni kama asilimia 94 na nusu. Hivyo 315 ya kibao inakuwa 298 ya Dar es Salaam, na 500 inakuwa 472. Nairobi hali ni tofauti: hewa yake ni ya baridi zaidi, ingawa mji uko juu ya mita 1,700 na hewa nyepesi hupoza kwa shida kidogo. Transfoma moja, mizigo miwili.

Ukiifungia transfoma kwenye chumba kisicho na matundu ya kutosha, unapoteza zaidi ya hapo. Chumba kinahitaji tundu la hewa baridi chini, upande mmoja, na tundu kubwa zaidi la hewa moto juu, upande wa pili. Nimeona vyumba vilivyochorwa vizuri, halafu tundu la chini likazibwa kwa mifuko ya saruji wakati wa umaliziaji na kuachwa hivyo hivyo. Kipimajoto cha mafuta kilichopo juu ya tanki kina mshale wa pili, unaobaki pale ulipofika kwenye joto la juu kabisa. Usome kila mwezi, uandike kwenye daftari, kisha uurudishe. Mshale huo ukipanda miezi mitatu mfululizo bila biashara kuongezeka, angalia matundu kabla ya kulaumu mzigo.

Kwa hiyo 315 ingekuwa imepakiwa asilimia 91 ya uwezo wake siku ya ufunguzi wa jengo. Si kosa la kuilipua. Mzigo wa jengo la biashara hushuka usiku, mafuta yakapoa, na transfoma hustahimili kilele kifupi cha mchana. Lakini imekosa nafasi ya kesho.

Sasa tuje kwenye mota, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kompresa ya chila yetu ina mota ya kilowati 75. Soma kibao chake: volti 400, ampea 134, pawa fakta 0.86. Mota hiyo ikiwashwa moja kwa moja, kabla haijashika kasi, huvuta mara sita hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Tuseme mara sita na nusu: ampea 870. Kwa volti 400 hizo ni kama kVA 600, yaani zaidi ya mara mbili ya mzigo wa jengo zima. Hapo ndipo watu hutishika, wakaagiza transfoma ya 1,000.

Kutishika huko hakuna msingi. Mkondo huo unadumu sekunde chache. Tani nzima ya mafuta na chuma haipati joto la maana kwa sekunde nane. Swali la kuuliza ni volti zitashuka kiasi gani, na jibu lake liko kwenye namba nyingine ya kibao cha transfoma ambayo wanunuzi wengi hawaitazami: impidansi, inayoandikwa kwa asilimia. Kwa transfoma za hadi kVA 630 huwa ni asilimia 4 au karibu yake. Juu ya hapo huanzia 5. Namba hiyo ni kipimo cha jinsi transfoma yenyewe inavyouzuia mkondo, na kwa hiyo jinsi volti zinavyoshuka unapoivuta.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya ukubwa wa transfoma kwa impidansi yake. Kwa 500 yenye asilimia 4 unapata kVA 12,500, ambao ndio mvuto wote inaoweza kutoa kukitokea shoti mlangoni pake. Kisha chukua kVA 600 za mota, uzigawe kwa jumla ya 600 na 12,500. Unapata asilimia 4.6. Hivyo ndivyo volti zitakavyoshuka kwenye bodi kuu kwa sababu ya transfoma. Kwa 315 jibu ni kama asilimia 7. Kwa 1,000 yenye impidansi ya asilimia 5, jibu ni asilimia 2.9.

Ongeza laini ya kilovolti 11 inayokuja kutoka barabarani. Katikati ya jiji, penye kituo kidogo cha umeme karibu, mchango wake ni mdogo, labda nusu ya asilimia na kidogo. Kwenye mji ulio mwisho wa laini ndefu waweza kuwa mkubwa kuliko wa transfoma, na hapo kuongeza saizi ya transfoma hakukusaidii chochote. Shirika la umeme ndilo lenye takwimu za nguvu ya laini yake. Ombeni kwa maandishi mapema.

Bado kuna kebo. Chila iko juu ya paa, mita 80 kutoka bodi kuu ukifuata njia ya kebo. Tuseme mkandarasi ameweka kebo ya shaba ya milimita za mraba 70, ambayo kwa ampea 134 za kawaida inatosha kabisa. Lakini kwa ampea 870 za kuwasha, kebo hiyo peke yake inashusha kama volti 21, sawa na asilimia 5 ya 400. Angalieni hapo: kebo inakula zaidi ya transfoma. Jumla, kwa transfoma ya 500, mota inapoteza zaidi kidogo ya asilimia 10 wakati wa kuwaka. Ukibadilisha transfoma ukaweka ya 1,000, unapunguza hadi kama asilimia 9 tu. Umenunua chuma na shaba maradufu, umepata asilimia moja na nusu.

Je, asilimia 10 ni mbaya? Inategemea nani anaulizwa. Nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti: ukiwa na asilimia 90 ya volti, nguvu ya kuanzia inabaki asilimia 81, ukiwa na 85, inabaki 72. Kompresa inayoanza ikiwa imeachiwa presha itavumilia. Pampu inayosukuma maji kwenye bomba lililojaa itachukua muda mrefu zaidi kushika kasi. Wahandisi wengi huweka mpaka wa asilimia 10 kwa mota inayowaka mara kwa mara na 15 kwa ile inayowaka kwa nadra. Kwenye bodi kuu, ambako maduka na ofisi zimeungwa, kushuka huko ni kama asilimia 5 tu, kwa kuwa kebo ya chila haiwahusu. Lakini macho ya binadamu ni makali: asilimia 3 inayojirudia kila robo saa itawafanya wapangaji wapande ngazi kuja kulalamika.

Tiba ya bei nafuu iko kwenye stata. Stata ya nyota na delta huanza kwa kuunga koili za mota kwa mtindo unaopunguza mkondo wa kuwasha hadi theluthi moja. Zile kVA 600 zinakuwa 200, ampea 870 zinakuwa 290, na kushuka kote, kwa laini, transfoma na kebo, kunakuwa asilimia 3 na nusu badala ya 10. Bei yake ni kubwa kwa hesabu ya mota, lakini ni ndogo sana kwa hesabu ya transfoma. Hasara yake ni kwamba nguvu ya kuanzia nayo inashuka hadi theluthi, hivyo inafaa kompresa na feni zinazoanza bila mzigo, haifai mashine inayoanza imebeba. Stata laini ya kielektroniki hukuwezesha kuchagua, mathalani mara tatu ya mkondo wa kawaida, na inveta huanza mota polepole bila hata kuvuka mkondo wake wa kawaida. Inveta ni ghali zaidi na huchafua umbo la umeme, jambo linaloongeza joto kwenye transfoma, lakini kwa chila inayofanya kazi mchana kutwa huirudisha bei yake kwenye uniti zilizookolewa.

Kuna kasoro moja ya nyota na delta ambayo huwezi kuiona kwenye mchoro. Muda wa kuhama kutoka nyota kwenda delta hupangwa kwa taima ndogo, na fundi akiiweka sekunde tatu wakati mota inahitaji nane, mota inahamishwa ikiwa bado haijashika kasi. Mkondo unaruka karibu na ule wa kuwasha moja kwa moja, na faida yote imepotea. Njia ya kulibaini ni kusimama mbele ya paneli na ampea mita. Mshale unapaswa kupanda, kushuka taratibu mpaka karibu na mkondo wa kawaida, ndipo kontakta zibadilishane kwa mruko mdogo. Ukisikia mlio wa kontakta wakati mshale bado uko juu, ongeza sekunde.

Pampu ya moto tuliyoiacha pembeni inarudi hapa. Haihesabiwi kwenye joto, ila lazima iweze kuwaka siku ile mbaya. Kiwango cha Marekani cha NFPA 20, ambacho wasanifu wengi wa pampu za moto hukifuata hata nje ya nchi hiyo, kinataka volti zisishuke zaidi ya asilimia 15 inapowaka. Kwa kilowati 37 na transfoma ya 500, mchango wa transfoma hauvuki asilimia 2 na nusu. Kinachobaki ni kebo yake, nayo ikaguliwe kwa mkondo wa kuwasha.

Hali nyingine inayosahauliwa, ilhali kwetu ni ya kila wiki, ni umeme kukatika na kurudi. Jengo lililokaa saa mbili bila umeme katikati ya mchana limepata joto. Umeme ukirudi, kila kompresa, kila friji na kila pampu inataka kuwaka kwa wakati mmoja. Uhesabuji wetu wote wa "makundi hayafiki kileleni pamoja" unavunjika kwa dakika kumi za mwanzo. Transfoma itavumilia kwa joto, lakini volti zitaanguka, kontakta zitaachia na kushika tena, na breka kuu inaweza kukata. Suluhisho ni taima: lifti na taa zirudi mara moja, pampu ya maji baada ya nusu dakika, feni za ubaridi baada ya dakika moja, chila baada ya dakika tatu au zaidi. Hii ni kazi ya nyaya chache kwenye paneli, na ni bora kuliko kVA 200 za ziada.

Jenereta ndiyo huwaumbua waliopuuza stata. Transfoma ya 500 inaweza kutoa mvuto wa kVA 12,500 kwa muda mfupi. Jenereta ya kVA 300 haifiki hata 2,000. Iwashe mota yetu ya kilowati 75 moja kwa moja kwenye jenereta hiyo, volti zitaporomoka kwa karibu asilimia 30, na kuna uwezekano mkubwa injini ikazima. Kwa nyota na delta zinashuka kama asilimia 12. Kwa majengo yenye jenereta, basi, stata huchaguliwa kwa ajili ya jenereta, na transfoma inafaidika bure.

Inabaki kesho. Watu huweka asilimia 25 au 50 "ya ukuaji" bila kuuliza ukuaji wa nini. Mimi hupendelea kuvigawa vitu viwili. Kwanza, yale yanayojulikana: msingi wa jengo letu umechorwa kubeba ghorofa mbili zaidi, na ghorofa hizo zitaleta kVA 40 hivi zikishajengwa. Pili, mzigo unaojiongeza wenyewe, duka linaloongeza friji, ofisi inayoongeza kompyuta. Tukikadiria asilimia 2 kwa mwaka kwa miaka kumi, 272 inakuwa 332. Jumlisha 40, unapata 372. Kwa uwezo wa 472 ambao transfoma ya 500 inabaki nao kwenye joto la pwani, hiyo ni asilimia 79. Ya 400 ingebaki na 378, yaani imebanwa kabisa mwaka wa kumi. Ya 315 ingekuwa imezidiwa kwa robo.

Nilimpitisha mama mmoja mwenye jengo la namna hii kwenye hesabu hizo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, si uniwekee tu ile ya elfu moja nilale usingizi?"

"Mama, usingizi utakuja na bili," nikamjibu. "Chuma chake kinakula umeme hata usiku maduka yakiwa yamefungwa. Na breka zote za bodi yako itabidi zibadilishwe."

Nilimaanisha yote mawili. Chuma cha ndani ya transfoma hupoteza umeme kila saa inapokuwa hewani, hata kama hakuna anayetumia. Kwa transfoma ya 500 upotevu huo ni kati ya nusu kilowati na kilowati moja kulingana na ubora wa chuma. Kilowati moja kwa mwaka ni uniti 8,760. Kubwa zaidi hupoteza zaidi, na mita ikiwa upande wa kilovolti 11, analipa mwenye jengo. Kuhusu breka, mkondo wa shoti kwenye bodi iliyo karibu na transfoma ya 500 ni kama ampea 18,000. Kwa ya 1,000 yenye impidansi ya asilimia 5 ni karibu 29,000. Bodi iliyojengwa kwa breka za kukata ampea 25,000 ni salama kwenye ya kwanza na ni hatari kwenye ya pili: breka inaweza kupasuka badala ya kukata. Yeyote anayepandisha saizi ya transfoma bila kurudi kwenye bodi ameongeza hatari ambayo haitaonekana mpaka siku ya shoti yenyewe.

Ukuaji ambao huna uhakika nao usiununue leo, uachie nafasi. Msingi wa zege wa transfoma umwagwe mpana wa kutosha ya 800, mabomba mawili ya ziada ya kebo yazikwe tangu mwanzo, na bodi kuu iachwe na nafasi ya kuunganisha transfoma ya pili. Zege na mabomba ni kitu kidogo wakati wa ujenzi. Kukata sakafu ya maegesho miaka minane baadaye si kitu kidogo. Ila ukija kuweka ya pili ifanye kazi sambamba na ya kwanza, ziwe na uwiano uleule wa volti, kundi lilelile la muungano wa koili, kama Dyn11, na impidansi zinazokaribiana. Zikitofautiana impidansi, yenye ndogo itabeba zaidi ya fungu lake na kuchemka wakati mwenzake imepumzika.

Kwa jengo letu, hukumu yangu ni transfoma ya kVA 500 yenye impidansi ya asilimia 4, chila kwa nyota na delta au stata laini, taima za kurudisha mzigo, na kebo ya chila iliyokaguliwa kwa mkondo wa kuwasha. Wewe unayejenga, kabla hujasaini oda ya transfoma, mwombe mhandisi wako karatasi tatu: orodha ya mzigo yenye asilimia alizotumia na sababu zake, hesabu ya volti wakati mota kubwa kuliko zote inawaka kwenye umeme wa gridi na kwenye jenereta, na mkondo wa shoti kwenye bodi kuu. Akikuletea karatasi ya kwanza peke yake, mrudishe akamalize kazi.